Kabla ya Tundu: Mwanzo wa Kuoza kwa Jino katika Enameli

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, jino lenye tundu husemwa kuwa limeliwa na mdudu. Dhana hii si ya Waswahili peke yao. Mdudu wa jino anatajwa katika maandishi ya kale ya Babeli, na aliendelea kusadikiwa Ulaya kwa karne nyingi. Nayo ina mantiki yake, kwa kuwa tundu lina sura ya kitu kilichochimbwa, na maumivu yake huja kwa kuchoma kana kwamba kuna kiumbe kinachosogea ndani. Kasoro ya dhana hiyo ni kwamba inauweka mwanzo wa ugonjwa mahali palipo mwisho wake. Makala haya yanafafanua kipindi kinachotangulia tundu, ambacho mara nyingi ni kirefu na hakina maumivu. Hoja yake kuu ni kwamba jino halichimbwi kutoka juu kwenda ndani. Linapoteza madini chini ya uso ambao bado ni mzima, na kwa muda fulani madini hayo huweza kurejea.

Ukoga na asidi yake

Anayepitisha ulimi juu ya meno yake asubuhi kabla ya kupiga mswaki huhisi kitu chenye utelezi. Kitu hicho ni ukoga. Si mabaki ya chakula, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni jamii hai ya bakteria iliyojishikiza kwenye jino na kujifunika kwa utando wake wenyewe. Ukoga husitawi zaidi mahali ambapo ulimi, shavu na mswaki havifiki kwa urahisi: kandokando ya ufizi, katikati ya meno mawili yanayogusana, na ndani ya mifereji ya magego.

Uhusiano wa bakteria hao na asidi ulielezwa kwa ushahidi na W. D. Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin na kuchapisha kitabu chake mwaka 1890. Miller aliyaweka meno yaliyong'olewa katika mchanganyiko wa mate na mkate, akaona kwamba mchanganyiko huo uligeuka kuwa na asidi na meno yakalainika. Alipotumia nyama badala ya mkate, hali hiyo haikutokea. Maelezo ya matokeo hayo ni mepesi. Bakteria wa ukoga hupata nguvu kwa kuvunjavunja sukari, na kinachobaki baada ya kazi hiyo ni asidi, hasa asidi ya laktiki. Wanga wa mkate huvunjwa na mate kuwa sukari. Nyama haina cha kutoa. Miongoni mwa bakteria hao, aliyechunguzwa zaidi ni streptokokasi mutansi. Huyu hutengeneza asidi kwa haraka na kuivumilia, na tena huitumia sukari ya kawaida ya mezani kutengeneza gundi inayoushikamanisha ukoga na jino. Hata hivyo, si sahihi kumfanya yeye peke yake kuwa mdudu mpya, kwani wako bakteria wengine wengi wanaozalisha asidi, na yeye mwenyewe hupatikana katika vinywa vya watu wasio na tundu hata moja.

Dakika arobaini baada ya chai

Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambamo 7 ni hali ya kati na namba ndogo zaidi huonyesha asidi kali zaidi. Ikumbukwe kwamba kipimo hiki huenda kwa makumi: kushuka kutoka 7 hadi 5 si kuongezeka kwa asidi mara mbili, bali mara 100. Katika miaka ya 1940, mtafiti Robert Stephan aliingiza vipimo vidogo ndani ya ukoga wa watu waliosukutua kwa maji ya sukari. Aligundua kwamba pH ilianguka ndani ya dakika chache tu, kisha ikapanda polepole na kuchukua nusu saa hadi saa nzima kurudi ilikoanzia. Mchoro wa mwendo huo, wenye mteremko mkali na mpando mrefu, ungali unabeba jina lake.

Katika mteremko huo upo mstari muhimu, ulio karibu na pH 5.5. Enameli, gamba gumu la nje la jino, ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake. Madini hayo ni fuwele za kalisi na fosfeti ambazo kwa fomula huandikwa Ca10(PO4)6(OH)2. Juu ya mstari huo, mate na majimaji ya ukoga yamejaa kalisi na fosfeti kiasi kwamba fuwele hazina sababu ya kuyeyuka. Asidi inapozidi, hidrojeni yake huzikamata fosfeti zilizomo katika majimaji na kuzibadili, nayo majimaji hugeuka kuwa na upungufu. Hapo fuwele hulazimika kuyeyuka ili kuujaza upungufu huo. Mstari wenyewe haukai mahali pamoja kwa kila mtu: mate yenye kalisi nyingi huushusha, na mate hafifu huupandisha.

Ili kuona maana ya mwendo huo, tuchukue mfano wa washonaji wawili wanaofanya kazi chumba kimoja, kila mmoja akiwa na chupa yake ya chai yenye utamu uleule. Tukadirie kwamba kila unywaji huuweka ukoga chini ya mstari kwa dakika 40. Wa kwanza hunywa nusu ya chai yake saa 2:00 asubuhi na nusu nyingine saa 4:30. Meno yake yamekuwa katika asidi kwa dakika 80, na kati ya vipindi hivyo viwili mate yamepata karibu saa mbili za kufanya kazi yao. Wa pili hujimiminia kikombe kidogo kila baada ya nusu saa, kuanzia saa 2:00 hadi saa 4:30. Kila kikombe kinamkuta kabla athari ya kilichotangulia haijaisha, hivyo pH yake haipandi mpaka saa 5:10. Hizo ni dakika 190 mfululizo, kwa kiasi kilekile cha sukari. Anayewauliza "mnatumia sukari kiasi gani?" atapata jibu moja kwa wote wawili na hataelewa kwa nini meno yao yanatofautiana.

Hali hii ilithibitishwa kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, kuanzia miaka ya katikati ya 1940, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa sukari kwa namna mbalimbali bila ridhaa yao, wengine wakipewa peremende zenye kunata kati ya mlo na mlo. Waliokula sukari wakati wa mlo waliathirika kidogo. Waliopewa peremende hizo waliharibika meno vibaya. Maarifa hayo yangali yanatumika, na kila anayeyatumia anapaswa kujua yalikotoka.

Doa jeupe

Asidi haiulambi uso wa jino kama mvua inavyomomonyoa udongo. Hupenya katika vinyweleo vyembamba vilivyo kati ya fuwele na kuyeyusha madini yaliyo chini. Madini hayo, yakiwa njiani kutoka, hupita katika tabaka la juu na sehemu yake huganda tena hapo. Tena tabaka hilo lina floridi nyingi kuliko yaliyo chini yake, na floridi huifanya fuwele kuwa ngumu kuyeyuka. Matokeo yake ni umbo la ajabu kidogo: paa zima lenye unene wa maikromita 20 hadi 50 hivi, na chini yake enameli iliyojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Palipo na ukoga usioguswa kabisa, kwa mfano pembeni mwa vyuma vya kunyooshea meno, hali hii inaweza kuonekana baada ya wiki nne tu.

Kinachoonekana ni doa jeupe mithili ya chaki. Weupe huo hautokani na rangi, bali na mwanga. Enameli nzima hupitisha mwanga. Iliyojaa vitundu huutawanya. Vitundu vikiwa na maji, tofauti kati ya maji na enameli si kubwa, hivyo doa changa hujificha kwenye jino lenye mate. Jino likikaushwa kwa hewa kwa sekunde kadhaa, hewa huchukua nafasi ya maji, tofauti huongezeka, na doa hujitokeza. Kwa hiyo doa linaloonekana pale tu jino linapokaushwa ni la kina kifupi, na lile linaloonekana hata jino likiwa limelowa limekwenda mbali zaidi. Huu ni uchunguzi usiohitaji mashine yoyote, na kwa maoni ya mwandishi hautumiwi inavyostahili.

Si kila doa jeupe, hata hivyo, ni mwanzo wa kuoza. Katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, ambako baadhi ya vyanzo vya maji vina floridi nyingi kupita kiasi, watoto wengi huota meno yenye weupe au rangi ya kahawia tangu mwanzo. Madoa hayo ya floridi huja kwa jozi, jino la kulia likifanana na mwenzake wa kushoto, na hutawanyika kama mawingu au mistari. Doa la kuoza hufuata ukoga: hukaa kandokando ya ufizi au chini kidogo ya mahali meno yanapogusana, nalo linaweza kuwa kwenye jino moja tu.

Doa linalokua huwa halina mng'ao, na huparuza likiguswa taratibu kwa kifaa chenye ncha butu. Lililosimama hung'aa na kuwa laini. Ncha iwe butu kweli, kwa maana paa lile jembamba likibonyezwa kwa sindano kali huvunjika, na mchunguzi huwa ametengeneza tundu alilokuwa akilitafuta. Kwa kuwa paa lingali zima, ukoga ukiondolewa kila siku na vipindi vya asidi vikipunguzwa, mate hurudisha kalisi na fosfeti ndani, hasa pakiwepo floridi ya dawa ya meno. Fuwele zinazojengwa upya kwa floridi hazianzi kuyeyuka mpaka pH ishuke hadi karibu 4.5. Doa lenyewe huenda lisifutike, kwani mara nyingi tabaka la juu hupona kwanza na kuyafungia njia ya kuingia madini ya chini. Hubaki kama kovu, bila kuendelea.

Paa linapoporomoka

Iwapo upotevu utaendelea kuushinda urejeshaji, chini ya paa hubaki utupu mkubwa, na siku moja, pengine kwa kutafuna tu, paa huporomoka. Hapo ndipo tundu linapozaliwa, na mambo hubadilika. Ukoga huingia mahali ambapo mswaki hauwezi kuufuata. Ndani zaidi ipo dentini, yenye madini machache kuliko enameli na inayoanza kuyeyuka asidi ikiwa bado hafifu, karibu na pH 6.2. Dentini pia ina mirija midogo inayoelekea kwenye kiini cha jino chenye neva. Enameli haina neva wala chembe hai, na kwa sababu hiyo haikutoa taarifa yoyote katika miezi au miaka iliyotangulia. Maji baridi yanapoanza kuchoma, mgonjwa husema jino limeanza kuoza.