Kwa Nini Bodi Hujizima Mota Inapoanza Kuzunguka

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, na kama kompyuta yoyote haiwezi kufanya kazi bila volteji iliyotulia. Inapounganishwa na mota au sevo kwenye chanzo kimoja cha umeme, hutokea mara nyingi kwamba programu inaendeshwa vizuri hadi pale mota inapoamriwa kuanza. Hapo bodi hujizima kwa kitambo kidogo na kuanza upya, kana kwamba mtu ameichomoa na kuichomeka tena. Fundi huanza kukagua programu mstari kwa mstari, hali kosa limo kwenye nyaya.

Chanzo cha tatizo ni tabia ya mota yenyewe. Mota ya umeme wa moja kwa moja inapozunguka, koili zake huzalisha volteji inayopingana na ile ya betri, na volteji hiyo kinzani ndiyo inayopunguza mkondo. Mota iliyosimama haizalishi kitu. Katika sekunde ya kwanza, au hata sehemu ndogo ya sekunde, kinachozuia mkondo ni ukinzani wa koili peke yake, ambao kwa kawaida ni omu chache tu. Kwa hiyo mkondo wa kuanzia hukaribia ule ambao mota ingevuta kama mhimili wake ungeshikwa usizunguke kabisa. Kugeuza mwelekeo ghafla ni kubaya zaidi, kwa kuwa kwa muda mfupi volteji kinzani hujumlishwa na ya betri badala ya kuipunguza. Sevo nayo ni mota ileile, ila imefungiwa giya, saketi ya kuiongoza na kipimo cha mahali mhimili ulipo. Kila inapopokea amri mpya, mota iliyomo huanza kutoka kusimama.

Mkondo mkubwa peke yake haumzuii mtu kufanya kazi. Kinachosumbua ni kwamba unapita kwenye vitu vyenye ukinzani: waya, viunganishi, dayodi na chanzo chenyewe. Kila kimoja hukata sehemu ya volteji, na kiasi kinachokatwa ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Ndivyo taa za nyumba zinavyofifia pale mashine ya kuchomelea ya jirani inapoanza kula umeme wa laini moja na zao.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri ni kilishio cha kuku kinachofunguliwa kwa sevo ya MG996R na kuongozwa na bodi ya ESP32, ambayo pia hutuma taarifa kwa waifai. Bodi inapata umeme kutoka chaja ya simu ya volti 5 kupitia kebo ya USB ya mita 1, na sevo imechomekwa kwenye pini ya volti 5 ya bodi hiyohiyo. Mpangilio huu ni wa kawaida mno, kwa sababu ni rahisi na hauhitaji kitu kingine chochote. Na siku ya kwanza, mezani, huenda ukafanya kazi.

MG996R ikizuiwa kuzunguka kwa volti 6 huvuta ampea 2.5 hivi, maana yake ukinzani wake ni kama omu 2.4. Kwa volteji inayoifikia katika mpangilio huu, mkondo wake wa kuanzia ni karibu ampea 1.5. Bodi nayo inakula ampea 0.1. Kebo nyembamba ya chaja, kwa nyaya zake mbili za kwenda na kurudi pamoja na viunganishi, inaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.6. Ampea 1.6 zikipita humo, karibu volti 1 nzima inapotea njiani. Bodi nyingi za aina hii zina dayodi kati ya tundu la USB na pini ya volti 5, nayo hukata takriban volti 0.4. Kwa hiyo pini iliyoandikwa volti 5 inabaki na 3.6 kwa muda ambao sevo inaanza.

Hata hivyo chipu ya ESP32 haitumii volti 5. Inatumia 3.3, na kazi ya kushusha kutoka 5 hadi 3.3 hufanywa na regyuleta iliyopo kwenye bodi, mara nyingi ya aina ya AMS1117. Regyuleta hii haiwezi kutoa volteji yake kamili kama iliyoingia haijazidi inayotoka kwa takriban volti 1.1. Inapopata 3.6, inatoa 2.5 tu. Ndani ya ESP32 kuna mlinzi wa volteji ambaye kwa kawaida amewekwa kwenye volti 2.43, na kazi yake ni kuisimamisha chipu na kuianzisha upya volteji ikishuka chini ya hapo.

Ukitazama tarakimu hizo utaona kwamba 2.5 na 2.43 zinakaribiana mno. Hapo ndipo ilipo siri ya kero inayowachosha wengi: mara bodi inajizima, mara haijizimi. Waifai inapotuma data, bodi huvuta kama ampea 0.2 zaidi, na hizo kwenye omu 0.6 hukata volti 0.12 nyingine. Sevo ikianza wakati waifai imenyamaza, bodi inapona. Ikianza wakati inatuma, volteji inavuka mpaka. Joto, kebo nyingine, chaja iliyochoka au kiunganishi kilicholegea vinatosha kugeuza matokeo. Anayeona hali hii huilaumu programu, kwa kuwa anadhani hitilafu ya umeme ingeonekana kila mara.

Kuithibitisha si kazi ngumu. ESP32 huandika kwenye dirisha la mawasiliano la kompyuta maneno `Brownout detector was triggered` mlinzi wake anapofanya kazi. Programu pia inaweza kuuliza sababu ya kuanza upya:

```cpp
#include <esp_system.h>

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  Serial.println((int)esp_reset_reason());
}

void loop() {}
```

Namba 9 ina maana volteji ilishuka. Namba 1 ina maana chipu ilipata umeme kama vile imewashwa mara ya kwanza, na inaweza kutokea pale ambapo volteji ilishuka sana hata mlinzi hakuwahi. Namba 4, 5, 6 au 7 zinaelekeza kwenye programu. Multimita haisaidii sana, kwa kuwa huonyesha wastani wa muda mrefu na mshuko wa milisekunde chache hupita bila kuonekana. Osiloskopu iliyowekwa isubiri mstari uvuke volti 4.5 kwenda chini, ikigusa pini ya volti 5 ya bodi na ardhi ya bodi hiyohiyo, huonyesha bonde hilo waziwazi. Asiye na osiloskopu anaweza kuichomoa sevo kwenye pini ya bodi na kuiwashia kwa betri yake, huku akiunganisha nyaya hasi. Kujizima kukikoma, jibu limepatikana.

Wengi hukimbilia kapasita. Kapasita ina nafasi yake, lakini si ile ambayo watu huitarajia. Kapasita ya mikrofaradi 1000 ikitoa ampea 1.5, volteji yake hushuka volti 1 kwa muda usiofika milisekunde 1. Mota inachukua makumi ya milisekunde kupata mwendo. Ili kushikilia ampea hizo kwa milisekunde 50 huku volteji ikishuka volti 1 tu, zingehitajika mikrofaradi 75,000, na hakuna anayezifunga kwenye kilishio cha kuku. Kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1000, ya volti 10 au zaidi, iliyowekwa karibu na sevo kwa kuangalia chanya na hasi zake, hukata mishtuko mifupi sana na kupunguza kelele. Haiwezi kuziba pengo la chanzo dhaifu.

Dawa yenyewe ni kuuondoa mkondo wa sevo kwenye njia ya umeme wa bodi. Chanzo kinaweza kubaki kimoja, mradi kiwe na uwezo wa kutosha, kwa mfano volti 5 na ampea 3. Muhimu ni kwamba jozi mbili za nyaya zinaanzia kwenye vituo vya chanzo hicho: jozi nene kwa sevo, na jozi ya pili kwa bodi. Sevo inapovuta, volteji inapotea kwenye nyaya zake mwenyewe. Bodi inabaki na ampea 0.3 tu kwenye kebo yake hata waifai ikituma, hivyo inapoteza chini ya volti 0.2, na regyuleta inaendelea kutoa 3.3.

Nyaya hasi lazima zikutane, na mahali pazuri pa kukutana ni kwenye chanzo. Zisipounganishwa kabisa, ishara inayotoka bodi kwenda sevo haina pa kupimwa, na sevo hutetemeka au kukaa kimya. Zikiunganishwa vibaya, yaani sevo ikirudishia mkondo wake kupitia waya mwembamba wa hasi wa bodi, ardhi ya bodi hupanda kila sevo inapoanza, na shida inarudi kwa mlango wa nyuma. Ubao wa kuchomeka nyaya, ule wa majaribio, haufai kupitisha mkondo wa sevo kubwa, kwa kuwa vijishimo vyake vina ukinzani na hulegea haraka. Betri ya mstatili ya volti 9 nayo haifai: ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, na inaanguka papo hapo mota inapoianza. Betri nne za kuchaji za ukubwa wa AA, zikiunganishwa kwa mfululizo, hutoa volti 4.8 na mkondo wa kutosha kwa sevo moja.

Programu inaweza kusaidia kidogo. Sevo ikisogezwa kwa hatua ndogo, kila hatua inaanza kwa mzigo mdogo:

```cpp
for (int p = 10; p <= 90; p += 2) {
  servo.write(p);
  delay(20);
}
```

Ni vizuri pia sevo kadhaa zisianze wakati mmoja. Lakini mzigo ukikwama, sevo itavuta mkondo wake mkubwa hata hivyo, kwa hiyo mbinu hii haitoshi peke yake. Mbinu ya kuepukwa ni ile ya kumzima mlinzi wa volteji kwa kuandika sifuri kwenye rejista yake. Ujumbe hutoweka, lakini volteji inaendelea kushuka, na chipu inaanza kusoma kumbukumbu vibaya, kuandika takataka kwenye hifadhi yake au kuganda kabisa bila kujianzisha.

Mota ya kawaida yenye brashi huongeza kelele ya cheche. Huhitaji kapasita ndogo ya nanofaradi 100 iliyochomewa moja kwa moja kwenye vituo vyake, na kama inaendeshwa na transista moja, dayodi ya kurudishia mkondo wa koili wakati wa kuzimwa. Baada ya umeme kutenganishwa, ikiwa bodi bado inajianzisha na namba inayochapishwa si 9 wala 1, tatizo si mshuko tena. Hapo waya wa ishara unaopita sambamba na waya wa mota ndio wa kukaguliwa kwanza, kisha programu yenyewe.