Monita Ikibeba Kompyuta Mgongoni

Dada mmoja mwenye duka la dawa mjini Tanga alinipigia simu mchana wa jua kali la Februari. "Shemeji, hii mashine inahema kama imepanda mlima. Na leo imezimika mara mbili mbele ya mteja."

Kaunta yake ni nyembamba, haina nafasi ya kasha la kompyuta. Ndiyo maana alinunua kompyuta ndogo ya ofisini iliyokwishatumika, na fundi akaifunga mgongoni mwa monita ya inchi 22. Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Nilipoigeuza monita ndipo nikaona shida. Upande unaotoa hewa ya moto ulikuwa umeelekea chini, sentimita chache juu ya kaunta. Bunda la kebo lilikuwa limefungwa papo hapo, likiziba nusu ya matundu ya hewa. Adapta ya umeme, nzito kama tofali dogo, ilikuwa inaning'inia kwa waya wake.

Matundu manne yaliyo mgongoni mwa monita yana kipimo kinachofahamika. Kiliwekwa na VESA, jumuiya ya watengenezaji wa vifaa vya maonyesho ya kompyuta. Kwa monita za kawaida za mezani, tundu na tundu huachana milimita 75 au 100, na skrubu yake ni M4, yaani yenye kipenyo cha milimita 4. Kompyuta ndogo za ofisini, kama vile OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny na EliteDesk Mini, zina upana wa sentimita 18 hivi kila upande na unene wa sentimita tatu na nusu. Uzito wake ni kilo moja na ushee, mzigo usiozisumbua skrubu nne hata kidogo. Kinachoweza kusumbuka ni stendi: ukiilaza monita nyepesi kwa nyuma, mzigo huo unaweza kuipindua. Angalia pia kwamba stendi yenyewe haijashika matundu hayohayo. Monita ya dada huyu stendi yake imeingia kwa chini, kwa hiyo matundu yalikuwa huru.

Kazi niliianza upya kwa kijiti cha kiberiti. Nilikitumbukiza taratibu ndani ya tundu mpaka kikagota, nikaweka alama ya kucha, nikapima: milimita 9. Kipimo hicho ndicho kinachokuambia ununue skrubu gani. Breketi yake ina unene wa milimita moja na nusu, washa ni milimita moja, na nilitaka spesa za milimita 10 ili hewa ipite kati ya breketi na monita. Jumla ni milimita 12 na nusu. Skrubu ya milimita 20 ingeingia ndani ya tundu kwa milimita 7 na nusu: inashika hesi vizuri, na haifiki mwisho. Ya 25 ingeingia 12 na nusu, ingegota kabla breketi haijabana. Ukiendelea kuilazimisha inatoboa ndani, na dalili yake ni doa jeupe katikati ya kioo au monita isiyowaka tena. Ya 16 nayo ingeshika milimita tatu na nusu tu, na hesi zingekatika siku moja monita inapovutwa. Skrubu huzungushwa kwa vidole kwanza. Ikigoma mapema, itoe upime tena.

Halafu likaja swali lililokuwa kiini cha tatizo: mashine itazame wapi? Wengi huelekeza matundu ya kebo chini, kwa sababu waya huteremka vizuri na hazionekani. Lakini kwenye mashine za aina hii, upande wenye matundu ya kebo ndio huohuo unaotoa hewa ya moto, na hewa baridi huingia kwa upande wa mbele, wenye kitufe cha kuwashia. Ukielekeza nyuma yake chini, feni inapuliza joto kwenye kaunta. Joto linagonga mbao, linapanda kandokando ya mashine, na kule juu linavutwa tena ndani. Mashine inavuta pumzi aliyokwisha kuitoa mwenyewe.

Kuelekeza matundu juu kungesaidia joto, ila vumbi, na mjusi wa darini akijisaidia, vyote vingeingia kwenye soketi. Nikaigeuza robo mzunguko: hewa ya moto itoke kando, hewa baridi iingie kwa kando ya pili. Monita ina upana wa sentimita 50 hivi, mashine 18, kwa hiyo kila upande zilibaki sentimita 16. Plagi ya HDMI huhitaji kama sentimita tano kabla kebo haijaanza kupinda, basi zote zilijificha nyuma ya kioo, na kitufe unakifikia kwa kupitisha mkono pembeni. Nilihakikisha pia kwamba breketi haifuniki matundu ya hewa ya monita yenyewe, ambayo kwa kawaida yako sehemu ya juu ya mgongo. Mwisho nikaisogeza monita mpaka pakawa na sentimita 10 kati ya mashine na ukuta.

Kwenye kebo, nilianza na adapta. Hiyo haifai kuning'inia wala kubandikwa juu ya kompyuta, maana nayo ina joto lake. Niliilaza kwenye rafu chini ya kaunta. Kisha kila kebo nikaifunga kwenye breketi kwa velkro, sentimita 10 kutoka kwenye soketi yake, ili mtu akivuta waya, nguvu iishie kwenye breketi na isifike kwenye plagi. Kebo ya HDMI ya karibu mita mbili niliibadilisha na ya nusu mita. Ule urefu wa ziada ndio uliozaa bunda lililoziba feni. Zile zinazoteremka kwenda kaunta niliziachia kitanzi kilicholegea, nikaigeuza monita kulia na kushoto mpaka mwisho wake nikitazama kama kuna inayokaza.

Hapo fumbo la kuzimika likafumbuka. Joto huzima mashine baada ya kazi ndefu, feni ikiwa imeshapiga kelele muda mrefu. Hii ilikuwa inazimika ghafla, wakati uleule dada anapomgeuzia mteja monita aone bei. Uzito wa adapta ulikuwa unaichomoa plagi. Kuhema na kuzimika yalikuwa magonjwa mawili, yaliyokutana kwenye mgongo mmoja.

Joto nalo nilitaka kuliona kwa namba. Mashine yake inatumia Ubuntu, na nilikuwa nimekwishapima kabla ya kufungua skrubu hata moja: video ikicheza na programu ya mauzo ikiwa wazi kwa dakika 20, halafu nikaandika:

```
sensors
```

Mstari wa `Package id 0`, ambao ndio joto la prosesa, ulisoma nyuzi 93. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia 100, na huko ndiko uzito wa mchana ulikotoka. Baada ya kazi nilirudia jaribio lilelile, chumba kilekile, saa ileile kesho yake: nyuzi 71. Feni bado inasikika ukiinama karibu, lakini haihemi.

Dada aliigeuza monita mara tatu mfululizo, akiitazama kama anayemtega mtu. Haikuzima. Akaniuliza tu kama sasa anaweza kurudisha boksi za glavu pale pembeni. Nikamwonyesha upande joto linakotokea, akaziweka upande wa pili wa kaunta.