Salio Husomwa kwa Sauti

Ofisa mmoja wa benki aliposikia kikundi chetu cha hisa kinatoza riba ya asilimia 5 kwa mwezi, alisema tunanyonyana: hiyo ni asilimia 60 kwa mwaka. Hakuuliza riba yenyewe inakwenda wapi. Haitoki kikundini hadi siku ya mgao, na siku hiyo huwarudia walewale walioilipa, kila mtu kwa hisa zake. Mwaka jana hisa ya shilingi 2,000 ilirudi 2,300.

Nyimbo za kufungulia kikao na watunza funguo watatu, hayo siyo ninayoyalilia. Ninachokililia mimi ni kusoma salio.

Kila siku ya mikopo katibu alikuwa akifungua daftari, anataja jina, kisha anafuata mstari safu kwa safu: mkopo, riba, marejesho, salio. Mwenye deni anaitikia salio lake, na jirani yake wa kushoto analirudia. Bibi yetu mmoja muuza vitumbua hajui kusoma, lakini namba yake alikuwa akilala nayo mwezi mzima.

Kisha vijana wakatuletea jedwali la kwenye simu. Bibi alikuwa amekopa 200,000. Mwezi wa kwanza biashara ilimwendea kombo. Akachelewa, akalipa riba tu, 10,000, na faini ya 5,000 akabaki akidaiwa. Mwezi wa pili jedwali likadai riba ya 10,250. Watu wakainamia simu zao kimya. Yeye ndiye aliyesimama: "Mwanangu, mie niliondoka hapa na laki mbili. Hii mia mbili na hamsini imezaliwa wapi?"

Tulipotafuta tuliikuta. Faini ilikuwa imejumlishwa kwenye salio, likawa 205,000, na riba ikatozwa juu yake. Faini ina safu yake na hailipiwi riba. Dalili ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeangalia: salio la bibi limepanda katika mwezi ambao hakukopa tena. Tukasahihisha. Bibi akalipa faini yake, kisha akaweka 110,000: 10,000 ya riba, 100,000 ya mkopo. Mwezi wa tatu riba ikashuka hadi 5,000, kwa kuwa inahesabiwa kwa kilichobaki, akamaliza deni. Riba yote ilikuwa 25,000. Kwa hisa zake 160, mgao ukampa 48,000 juu ya akiba yake.

Jedwali lile silichukii. Hujumlisha haraka kuliko katibu yeyote. Lakini tangu lije, majina hayaitwi. Ujumbe unaingia, mtu anautupia jicho, anaondoka. Mwezi uliopita nilimwuliza jirani yangu wa kushoto salio langu ni kiasi gani. Akaanza kupapasa pochi akitafuta simu.