Mistari ya kamera ya rivasi ikidanganya, uanzie wapi kuirekebisha?

Rafiki yangu alibadilisha redio ya gari lake, akafungiwa yenye skrini kubwa na kamera ya nyuma. Siku ya tatu alikuwa anaingia getini kwa rivasi, usukani umekatwa kulia. Kwenye skrini, mistari ilipita katikati ya nguzo mbili bila shida. Akaiamini. Kona ya nyuma ya kushoto ikaenda kukwaruza nguzo.

Aliporudi kwa fundi, fundi alivuta mistari kwenye skrini hadi ikakaa vizuri kwa geti lile lile. Hapo tatizo lilifichwa tu, halikuondoka, maana kwenye geti jingine mistari ilidanganya tena. Leo nataka nikuonyeshe kwa nini, na jinsi ya kujua kosa liko wapi hasa.

Kwanza tuelewane mistari inatoka wapi. Kamera haioni njia ya gari, inaona picha tu. Kwenye safu ya usukani kuna kihisi kinachosoma usukani umezungushwa nyuzi ngapi. Namba hiyo husafiri kwenye mtandao wa ndani wa gari, uitwao CAN, hadi kwenye redio. Redio inafanya mambo mawili: inakokotoa gari litapita wapi ardhini, kisha inachora njia hiyo juu ya picha. Kwa hiyo kosa linaweza kuwa sehemu tatu: kamera ilivyokaa, sifuri ya usukani, au uwiano wa usukani na tairi. Zirekebishe kwa mpangilio huo huo. Ukianza na ya mwisho, utakuwa unafunika kosa moja kwa kosa jingine.

Hatua ya kwanza: kamera. Egesha gari mahali tambarare, tairi zikiwa zimenyooka. Chukua kamba na chaki, chora mistari miwili inayoendelea nyuma kutoka ubavu wa kushoto na wa kulia wa gari. Kisha chora mistari ya kukatisha kwenye mita 1, 2 na 3 kutoka kwenye bampa. Ingia ndani, weka gia ya rivasi, utazame mistari ile ya skrini isiyofuata usukani. Inatakiwa ilale juu ya chaki yako. Kama haijalala, rekebisha kamera yenyewe au pointi za mistari kwenye menyu.

Usidharau nyuzi moja hapa. Tuseme kamera iko sentimita 90 juu ya ardhi na imeinuka kwa nyuzi 1 kuliko redio inavyodhani. Kitu kilicho mita 1 kutoka kwenye kamera kitasomeka kwa kosa la sentimita 4 hivi. Kilicho mita 3, kosa linafika sentimita 20. Ndiyo maana ukipakia mizigo mizito kwenye buti, nyuma ikashuka, mistari ya umbali nayo inasogea. Pima gari likiwa na mzigo wa kawaida wa kila siku.

Hatua ya pili: sifuri. Endesha taratibu kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, uone kihisi kinasoma ngapi. Redio nyingine huonyesha namba hiyo kwenye menyu, vinginevyo fundi ataisoma kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kinatakiwa kisome 0 au karibu yake. Kikisoma 15, redio inaamini umekata kona wakati umenyoosha. Hili hutokea sana baada ya kufanyiwa alaimenti au usukani kufunguliwa.

Dalili yake ni rahisi kuijua: ukikata kulia mistari inapinda kupita kiasi, ukikata kushoto inapinda pungufu. Angalizo moja: kihisi hicho hicho hutumiwa na mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Kwa hiyo usiweke sifuri mpya kwenye kompyuta ya gari kabla ya kuhakikisha gari linakwenda moja kwa moja kweli.

Hatua ya tatu: uwiano. Hapa ndipo rafiki yangu alipokwama. Usukani ukizunguka mara moja kamili, yaani nyuzi 360, tairi za mbele hazigeuki nyuzi 360. Kama uwiano ni 16, zinageuka 360 gawanya kwa 16, sawa na nyuzi 22.5. Kisha redio inatumia fomula hii:

```
R = L / tan(d)
```

L ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, d ni pembe ya tairi za mbele, na R ni nusukipenyo cha duara ambalo katikati ya ekseli ya nyuma inalichora. Gari la rafiki yangu lina L ya mita 2.6. Kwa nyuzi 22.5, R inakuwa mita 6.28.

Sasa tukapima gari lenyewe. Tulitafuta uwanja wa vumbi, tukabandika utepe juu ya usukani ili tuone mzunguko mmoja kamili, tukarudi nyuma polepole duara zima bila kugusa usukani. Alama za tairi za nyuma zilibaki ardhini: duara la nje kipenyo mita 15.3, la ndani mita 12.3. Wastani ni 13.8, kwa hiyo R ni mita 6.9, si 6.28. Geuza fomula: 2.6 gawanya kwa 6.9 ni 0.377, ambayo ni tanjenti ya nyuzi 20.6 hivi. Ukigawanya 360 kwa hiyo, unapata uwiano wa 17.4. Redio ilikuwa imewekewa 16.

Tofauti inaonekana ndogo, lakini twende getini. Mita 4 nyuma ya ekseli, redio ilichora njia iliyosogea kulia kwa mita 1.44. Gari lenyewe linasogea mita 1.28. Pengo ni sentimita 16, zote upande wa kushoto, kwenye nguzo. Kosa la uwiano hujitambulisha hivi: mistari inakosea kiasi kile kile kulia na kushoto, na ukinyoosha usukani kila kitu kiko sawa. Ukiona hivyo, usiguse pointi za kamera kabisa.

Rudia kipimo kwa nusu mzunguko na kwa mzunguko mmoja na nusu, maana magari mengine yana uwiano unaobadilika kadiri unavyokata kona. Kama redio yako inaruhusu namba moja tu, chagua ile ya mzunguko unaotumia zaidi unapoegesha.

Hata ukimaliza yote haya, mistari bado ina mipaka yake. Imechorwa kana kwamba kila kitu kiko chini ardhini. Bodi ya lori iliyochomoza hewani itaonekana mbali kuliko ilivyo. Pia mistari inaonyesha njia ya nyuma tu. Ukirudi nyuma huku umekata kulia, pua ya gari inafagia kwenda kushoto, na hakuna mstari hata mmoja utakaokuambia. Hapo ni kioo cha pembeni na macho yako.

Tulipoweka 17.4, rafiki yangu alirudi kwenye geti lake na usukani ule ule. Safari hii mstari wa kushoto ulipita juu ya nguzo. Akasimama, akanyoosha kidogo, akaingia.