Dhahabu Ilianguka, Sera Haikuguswa

Juni 19, 2013, Benki Kuu ya Marekani ilimaliza kikao bila kubadilisha chochote. Riba ilibaki karibu na sifuri, na ununuzi wa dhamana ukabaki dola bilioni 85 kwa mwezi. Lakini mbele ya waandishi wa habari, mwenyekiti wake, Ben Bernanke, alisema ununuzi huo ungeweza kupunguzwa baadaye mwaka ule iwapo uchumi ungeimarika. Kesho yake wakia moja ya dhahabu ilishuka chini ya dola 1,300.

Dhahabu hailipi riba. Wawekezaji wakihisi riba za dhamana zitapanda, huiuza mapema, hawasubiri uamuzi. Septemba 18 benki ikaahirisha kupunguza, na bei ikaruka siku hiyohiyo. Punguzo lenyewe lilitangazwa Desemba 18: kutoka bilioni 85 hadi 75.

Kwa hiyo, tamko la kikao lisomwe kwanza kwa tarakimu: riba imebadilika? Kiasi cha ununuzi je? Kama havikubadilika, kilichosikika ni lugha tu, tena yenye masharti. Kumbukumbu za kikao hutoka wiki tatu baadaye, kwa hiyo takwimu mpya za ajira au bei huenda zimeshazipita. Humo “wajumbe kadhaa” si wengi, na hotuba ya mjumbe mmoja ni kura moja.

Hata hivyo, anayedhani lugha haina uzito amkumbuke aliyenunua dhahabu asubuhi ya Juni 19: sera haikuguswa, hasara yake ilikuwa ya kweli.