Kweli au si kweli: Rafu tupu za Target Kanada

"Waliangushwa na programu mbovu." Si kweli. Januari 2011 kampuni ya Marekani ya Target ilinunua mikataba ya pango ya maduka ya Zellers nchini Kanada kwa dola bilioni 1.8 za huko. Mfumo wake wa nyumbani haukujengwa kwa dola ya Kanada wala Kifaransa, kwa hiyo ikachukua SAP, ambayo makampuni mengi makubwa yanaiendesha bila matatizo. Uchaguzi huo ulieleweka. Muda ndio uliowabana, kwani walijipa takriban miaka miwili tu.

"Kuingiza data ni kazi ya kuchapa, wapewe vijana wamalize." Si kweli, na hili ndilo lililowaponza zaidi. Taarifa za bidhaa zipatazo 75,000 ziliingizwa kwa mkono, mbiombio. Upana uliandikwa mahali pa urefu, inchi mahali pa sentimita. Chukua katoni yenye inchi 20 kila upande. Ukiandika 20 kwenye sehemu ya sentimita, mfumo utaiona ndogo mara 16 kwa ujazo, na utapanga lori na rafu kwa katoni ambayo haipo duniani. Walipokagua, data sahihi ilikuwa kama asilimia 30, wakati Marekani ilipita 98. Maghala yakafurika huku rafu za dukani zikiwa tupu.

Kosa hilo hugundulika mapema kwa kazi ya asubuhi moja: toa katoni 50 ghalani, zipime kwa futi ya fundi, linganisha na kilichomo kwenye mfumo. Mimi nikikuta tatu haziendani, ningesimamisha upakiaji wa data siku hiyohiyo.

"Mawanda yalijulikana: ni kufungua maduka." Nusu kweli. Idadi ya maduka ilijulikana. Ambacho hakikuwekwa wazi ni kiwango ambacho mfumo ungepaswa kufikia kabla duka linalofuata halijafunguliwa. Matatu ya kwanza yalifunguliwa Machi 2013, na kabla ya mwaka kwisha yakawa 124. Hapakuwa na nafasi ya kujifunza kutoka kwa yale matatu.

"Mkubwa akishaidhinisha fedha, amemaliza." Si kweli. Watu wa chini waliona hali ya data, lakini tarehe ingesogezwa na wakubwa tu, nao hawakuisogeza. Waliokuwepo walisimulia baadaye jambo la kusikitisha: baadhi ya wachambuzi walizima uagizaji wa kujiendesha wa bidhaa zilizopungua ili ripoti zisionyeshe upungufu. Mfadhili wa mradi anayesoma ripoti bila kwenda kuitazama rafu hawezi kuligundua hilo.

Tarehe 15 Januari 2015 Target ilitangaza kuondoka Kanada. Ilikuwa na maduka 133 na wafanyakazi wapatao 17,600.