Nani Anambeba Madeline?

Katika mchezo wa video uitwao Celeste, uliotoka Januari 2018, msichana Madeline anapanda mlima uliojaa miiba, upepo na majukwaa yanayosogea. Akisimama juu ya jukwaa linalokwenda kulia, anasafiri nalo bila miguu yake kuteleza hata kidogo. Mchezaji haoni ajabu, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea: ukipanda kivuko pale Kigamboni, kinakufikisha ng'ambo hata ukisimama tuli. Ndani ya kompyuta, hata hivyo, hakuna kitu kinachoshika nyayo za Madeline. Kwa upande wa hesabu, yeye ni mstatili usioonekana wenye namba mbili, moja ya umbali wake kutoka kushoto na nyingine ya umbali wake kutoka juu. Jukwaa nalo ni mstatili wenye namba zake. Pasipokuwa na msimbo wa kuwaunganisha, jukwaa litajiendea zake na Madeline atabaki palepale, hewani, kisha aanguke.

Maddy Thorson, aliyeongoza utengenezaji wa Celeste na kabla yake TowerFall ya mwaka 2013, ameeleza hadharani jinsi michezo hiyo miwili inavyolimaliza jambo hili. Kwangu mimi, maelezo yake ndiyo yanayofundisha vizuri kuliko yote niliyowahi kusoma juu ya suala hili, kwa sababu yanasimama juu ya uamuzi mmoja: jukwaa ndilo linalomsogeza abiria. Abiria hajisogezi mwenyewe kulifuata jukwaa.

Tofauti ya mambo hayo mawili inaonekana ndogo hadi uifuate kwa namba. Wazo linalomjia haraka anayeanza kutengeneza michezo ni kumpa mhusika kasi ileile ya jukwaa: jukwaa likienda pikseli 40 kwa sekunde, basi na yeye aongezewe 40. Kwa hesabu ya karatasi, wawili hao hawataachana kamwe. Kwenye skrini, mhusika anatetemeka.

Chanzo cha mtetemeko ni vipande vya pikseli. Celeste huonyesha fremu 60 kila sekunde, kwa hiyo jukwaa la kasi ya 40 linatakiwa kusogea pikseli 0.67 kwa kila fremu. Lakini katika mfumo wa Thorson hakuna kitu kinachoruhusiwa kusimama katikati ya pikseli. Kila mahali ni namba nzima. Kwa hiyo mwendo hukadiriwa kwenye namba nzima iliyo karibu, na kinachobaki huwekwa kama salio la fremu inayofuata. Fremu ya kwanza, 0.67 inakadiriwa kuwa 1, na jukwaa linabaki na deni la 0.33. Fremu ya pili, 0.67 ikilipa deni hilo inabaki 0.33, ambayo inakadiriwa kuwa sifuri, nayo inawekwa kama salio. Fremu ya tatu, salio na mwendo mpya vinatimiza 1. Jukwaa basi linasogea 1, halafu 0, halafu 1, na mzunguko unaanza upya.

Sasa Madeline alifika juu ya jukwaa kwa kutembea, na matembezi yake yamemwachia salio lake mwenyewe, tuseme 0.3. Mpe kasi ileile ya 40. Fremu ya kwanza ana 0.97, anasogea 1. Fremu ya pili ana 0.63, anasogea 1 tena. Fremu ya tatu ana 0.3, hasogei. Mpangilio wake ni 1, 1, 0. Baada ya fremu mbili yuko pikseli moja mbele ya jukwaa. Baada ya fremu ya tatu wamelingana. Hilo linajirudia mara 20 kwa sekunde. Picha ya Celeste huchorwa kwa pikseli 320 kwa 180, na ikikuzwa kujaza skrini ya 1920 kwa 1080, pikseli hiyo moja inakuwa sita. Jicho haliwezi kuikosa.

Katika mfumo wa Thorson, jukwaa linapiga hesabu yake peke yake, linapata namba nzima, na namba hiyohiyo ndiyo linayompa kila aliyesimama juu yake. Likisogea 1, abiria anasogezwa 1, likikaa, anakaa. Salio la Madeline haliguswi, linabaki kwa ajili ya hatua zake mwenyewe. Akitembea juu ya jukwaa, mwendo wake unajumlishwa juu ya ule wa kubebwa, kila mmoja kwa hesabu yake.

Kuna sharti la utaratibu hapa, na ndilo linalowaponyoka wengi. Jukwaa lazima liulize nani yuko juu yangu kabla ya kusogea. Fikiria lifti inayoshuka kwa kasi ya 120, yaani pikseli 2 kila fremu. Ikishuka kwanza kisha ndipo iulize, chini ya miguu ya Madeline kuna nafasi ya pikseli 2, kwa hiyo jibu ni kwamba hakuna mtu. Anaachiwa uvutano umshushe. Katika msimbo wa Madeline, ambao watengenezaji waliuweka wazi mtandaoni, uvutano ni 900, maana yake kila fremu humwongezea kasi ya 15. Fremu ya kwanza anashuka robo ya pikseli tu, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, huku lifti ikiendelea kushuka 2 kila mara. Pengo linafika pikseli 7 kabla hajaanza kuikaribia, na anaikuta fremu kadhaa baadaye. Anatua, kasi yake inafutwa, na mchezo mzima unaanza tena. Mchezaji anamwona Madeline akidundadunda kushuka na lifti, na kibaya zaidi, akibonyeza kitufe cha kuruka wakati yuko hewani, kitufe hakiitiki.

Jukwaa gumu lina kazi nyingine pia: kumsukuma anayekutana nalo ubavuni. Kusukuma si sawa na kubeba. Anayebebwa husogezwa mwendo wote wa jukwaa. Anayesukumwa husogezwa kiasi cha kumtoa tu ndani ya jukwaa, yaani kutoka ukingo wake hadi ukingo wa jukwaa. Ikiwa mtu mmoja anastahili yote mawili, kusukuma kunatangulia, asije akasogezwa mara mbili. Wakati kazi hii inafanyika, jukwaa hujizima kwa muda ili lisihesabiwe kuwa kizuizi; vinginevyo Madeline angegongana na kitu kilekile kinachomsogeza. Akisukumwa hadi ukutani pasipo pa kwenda, amebanwa, na katika Celeste anakufa hapohapo.

Jukwaa la njia moja lina tabia nyingine. Hili ni ubao mwembamba ambao mhusika huupenya akiruka kutoka chini, kisha humpokea akishuka. Kanuni ya haraka inasema: mhusika akiwa anashuka na anagusana na ubao, mweke juu. Ijaribu kwa kuruka kidogo, kiasi kwamba kilele cha mruko kinaiacha miguu pikseli 5 chini ya uso wa ubao. Mara tu anapoanza kushuka, masharti yote mawili yanatimia, naye anarushwa pikseli 5 juu kwa fremu moja. Mchezaji anaona kama amenyakuliwa.

Swali sahihi si mhusika anaelekea wapi, bali miguu yake ilikuwa wapi kabla ya fremu hii. Anapokelewa tu ikiwa ilikuwa kwenye uso wa ubao au juu yake, na sasa imeufikia au kuupita. Na kwa kuwa ubao wenyewe unaweza kuwa unasogea, miguu ya kabla ilinganishwe na uso wa kabla, na miguu ya sasa na uso wa sasa:

```
if (miguu_kabla <= uso_kabla && miguu_sasa >= uso_sasa) {
    tua();
}
```

Kompyuta huhesabu kutoka juu ya skrini kwenda chini, ndiyo maana namba ndogo ni ya aliye juu zaidi. Chukua ubao unaopanda kutoka 100 hadi 98 katika fremu moja, na Madeline ambaye miguu yake inashuka kutoka 99 hadi 100. Alikuwa juu ya ubao, na wamekutana njiani, anastahili kutua. Aliyeandika msimbo wa kulinganisha 99 na uso mpya wa 98 ataambiwa kwamba alikuwa chini tayari, na Madeline atapita katikati ya ubao kama moshi. Hitilafu hii ni ngumu kuikamata kwa sababu ubao ukisimama haitokei kabisa.

Namba nzima zinasaidia hapa pia. Mahali pakiwa ni desimali, miguu inaweza kuwa 96.00001 badala ya 96, na ulinganisho ukamtosa mtu aliyesimama vizuri. Anayetumia desimali hana budi kuacha upenyo mdogo wa uvumilivu. Injini ya Godot, kwa mfano, ina mpangilio wa `one_way_collision_margin` kwa ajili hiyo.

Kumruhusu mchezaji ashuke kupitia ubao kwa makusudi ni rahisi: msogeze pikseli moja chini bila kuuliza sharti, na kuanzia fremu inayofuata miguu yake iko chini ya uso, kwa hiyo hapokelewi tena. Hata hivyo, ubao ukiwa unashuka pikseli 2 kwa fremu, utampita na kumnasa upya. Hapo ni lazima kukumbuka ni ubao upi anaoutoroka na kuupuuza mpaka mwili wake wote uwe umetoka.

Anayeruka kutoka jukwaa linalosogea huondoka na kasi yake. Kuruka kwa kawaida humpa Madeline kasi ya 105 kwenda juu. Jukwaa linalopanda kwa nguvu huweza kumwongezea hadi 130 nyingine, lakini linaloshuka halimpunguzii kitu. Kifizikia si sawa. Nauona kuwa uamuzi mzuri, maana mruko unaofupishwa na lifti inayoshuka ungemfanya mchezaji aone kuwa kitufe kimemsaliti.

Anayetaka kujua kama jukwaa lake linabeba ipasavyo asiridhike na macho. Mchezo uendeshwe fremu moja moja, na kila fremu iandikwe tofauti kati ya mahali pa mhusika na mahali pa jukwaa, mchezaji akiwa hajagusa kitufe. Tofauti hiyo ikiruka ruka kwa pikseli 1, kuna masalio mawili yanayohesabiwa mbalimbali. Ikikua taratibu upande mmoja, mhusika habebwi kila fremu. Na ikiwa namba hazibadiliki lakini picha bado inatetemeka, atazame kamera, kwa sababu nayo ina mahali pake, na mara nyingi mahali hapo si namba nzima.